Flashi Imechomekwa, Slaidi Hazionekani

Ibada inakaribia kuanza, kwaya imeshasimama, na kijana wa mitambo bado anahangaika na rimoti. Flashi ameichomeka nyuma ya tivi, tivi imeitambua, lakini akifungua folda anaikuta tupu. Slaidi 14 za nyimbo alizoziandaa jana zimo humo humo. Tivi ndiyo haizioni.

Tivi nyingi zenye tundu la USB husoma aina chache tu za faili: picha za JPEG, video za MP4, muziki wa MP3. Faili la PowerPoint, lile linaloishia na .pptx, huhitaji programu ya kulifungua, na tivi nyingi hazina programu hiyo. Kwa hiyo usihangaike na tivi, hangaika na slaidi: zigeuze ziwe picha kabla hujatoka nyumbani.

Kwenye kompyuta, fungua slaidi zako katika PowerPoint, nenda File, kisha Save As, na kwenye aina ya faili chagua JPEG File Interchange Format. Utaulizwa kama unataka slaidi zote au hiyo moja iliyo mbele yako. Bonyeza All Slides. Itatokea folda yenye picha kuanzia Slide1.JPG hadi Slide14.JPG. Fonti haziwezi tena kubadilika wala mistari kuhama, kwa sababu kila slaidi sasa ni picha. Mbwembwe za maneno kuingia yakizunguka zitapotea, na mimi sioni hasara hapo.

Kuna mtego mmoja ambao watu huugundua wimbo ukiwa umeshaanza. Tivi nyingi hupanga majina herufi kwa herufi, si kwa hesabu. Baada ya Slide1 huja Slide10, halafu Slide11, 12, 13 na 14, ndipo Slide2 ionekane. Waumini wakimaliza ubeti wa kwanza wanakutana na matangazo ya harusi. Badili majina ya zile 9 za mwanzo yawe Slide01, Slide02, na kuendelea, na mpangilio utakaa sawa.

Jambo jingine ni kiitikio. Kompyuta hukuruhusu kuruka kutoka ubeti wa 3 kurudi kwenye kiitikio. Kwa rimoti utabonyeza mshale kurudi nyuma slaidi moja moja, kila mtu akiona. Afadhali unakili kiitikio na kukiweka baada ya kila ubeti, hivyo wimbo wa beti 3 uwe na slaidi 6, na kazi yako ibaki kubonyeza mshale wa kulia. Zima pia onyesho linalojiendesha, lisije likageuza ukurasa kwaya ikiwa bado inavuta sauti.

Kuhusu maandishi, tivi ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 54 hivi. Herufi kubwa za ukubwa wa 40 kwenye slaidi pana ya kawaida zitaonekana humo zikiwa na kimo cha karibu sentimita 3. Darasani zinatosha. Kwenye ukumbi mrefu, mama aliyekaa kiti cha nyuma hataziona, hivyo punguza mistari na ukuze herufi. Na kama flashi yenyewe haitambuliki kabisa, huenda imeandaliwa kwa mfumo ambao tivi hiyo haiujui. Hamisha mafaili yako kwanza, kwa sababu hatua inayofuata hufuta kila kitu, kisha ifomati kwa FAT32.

Bila waya kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni Miracast, ambayo kompyuta na tivi huongea moja kwa moja, bila intaneti wala ruta. Kwenye tivi fungua Screen Mirroring au Screen Share, kisha kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, na uchague jina la tivi. Ya pili ni Google Cast, ambayo huhitaji vifaa vyote viwili viwe kwenye waifai moja. Mwalimu aliye kwenye shule isiyo na waifai anaweza kuwasha hotspot ya simu, akaiunganisha tivi na kompyuta humo. Wenye iPhone hutumia AirPlay, kwa kuwa simu zao hazina Miracast.

Ukionyesha kwa simu, washa kwanza hali ya usisumbuliwe. Tivi huonyesha kila kinachotokea kwenye kioo cha simu, na ujumbe wa anayekudai utasomwa na darasa zima.

Kwa ibada, mimi ningechagua picha kwenye flashi, maana waifai ikikatika katikati ya wimbo hakuna anayekusubiri. Bila waya kunamfaa mwalimu anayetaka kuandika na kurekebisha slaidi mbele ya wanafunzi. Vyovyote utakavyochagua, ijaribu kwenye tivi ile ile siku moja kabla, na uwe na waya wa HDMI mkobani.