Barua yangu ya pili kwa kamati: bustani ya shule na hesabu ya mitungi

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu na ilikataliwa kwa swali moja. Niliomba nusu ekari nyuma ya madarasa tuifanye bustani ya shule. Nikaandika mengi kuhusu lishe, kuhusu 4K Club na kuhusu vijana kuipenda ardhi. Mwenyekiti aliposoma akanitazama, kisha mzee mmoja wa kamati, mfugaji wa huku kwetu Kinango, akauliza, "Mwalimu, hebu nambie, maji yatatoka wapi?"

Nikajibu kwamba tunalo tangi la lita 10,000. Mzee akaomba kalamu. Mboga kwenye jua letu la Februari hutaka takriban lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Nusu ekari ni kama mita 2,000 za mraba. Hiyo ni lita 10,000 kila siku, yaani mitungi 500 ya lita 20. Tangi zima lingeisha kwa siku moja, na watoto wangebaki bila maji ya kunywa. Kwenye ule ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, watoto wetu walikuwa wakija shuleni na vidumu vya maji mkononi. Hakuna mzazi katika kikao kile aliyekuwa amesahau. Nilikunja barua yangu nikakaa.

Naandika safu hii kwa walimu wenzangu wa Kinango, Samburu, Ndavaya na kwingineko kwenye nchi kavu ya Kwale, kwa sababu barua ya pili ilipita, na tofauti kati ya hizo mbili haikuwa ufasaha wa Kiswahili.

Kwanza, barua yenyewe huenda kwa nani. Sisi husema kamati kwa mazoea, lakini tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 chombo chenye mamlaka ni Bodi ya Usimamizi, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Ndiyo bodi inayosimamia mali ya shule, usalama na maslahi ya wanafunzi, na fedha zote zinazoingia. Kwa hiyo barua huandikiwa Mwenyekiti, Bodi ya Usimamizi, "kupitia kwa Mwalimu Mkuu", naye hugonga muhuri na kuiingiza katika ajenda. Mwalimu akimpelekea mwenyekiti barua nyumbani, hata kama ni mjomba wake, amemruka katibu, na barua hiyo itafia njiani.

Kichwa cha barua ya pili nilikifupisha hivi: "KUH: OMBI LA IDHINI YA BUSTANI YA MAFUNZO, MITA 36 ZA MRABA, MUHULA WA PILI." Nusu ekari ilikuwa imetoka, muhula mmoja ulikuwa umeingia, na neno mafunzo nililiweka kwa makusudi. Nitalieleza hapo mbele.

Mita 36 ni matuta sita, kila moja urefu wa mita 6 na upana wa mita 1. Upana usizidi hapo, maana mtoto wa gredi ya nne hufikia katikati akiwa amesimama pembeni, bila kukanyaga udongo. Na si matuta ya kuinuka kama yale ya vitabuni. Huku kwetu tuta la kuinuka hukauka kabla ya saa sita. Tunachimba chini sentimita 30, tunachanganya udongo wa juu na samadi ya mbuzi iliyooza, debe moja kwa kila mita ya mraba, kisha tunarudisha udongo hadi ubaki chini ya usawa wa ardhi kwa kiganja kimoja. Mvua ikinyesha, maji hukaa mle badala ya kukimbilia barabarani. Samadi mbichi huunguza mche, kwa hiyo iletwe mapema ikae kwenye lundo hadi ipoe. Ukitia mkono ndani ya lundo ukahisi joto, bado.

Sasa maji. Matuta sita kwa lita 5 ni lita 180 kwa siku, mitungi 9. Mitungi 2 kati ya hiyo hutoka kwenye maji ya kunawia mikono kabla ya chakula, ambayo zamani yalimwagika chini ya mwembe. Mengine hutoka kwenye tangi, na hapo niliweka sharti mwenyewe kabla ya kuulizwa: tangi likishuka chini ya nusu, bustani haipati hata kikombe. Nusu ya tangi ni lita 5,000, ambayo inatosha karibu wiki tano za jua kali. Nikaweka pia mahali pa kulijaza tena. Paa la jengo letu la madarasa mawili ni mita 16 kwa 8, yaani mita 128 za mraba. Kila milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 10, ile ambayo huku tunaiita mvua ya maana, ingeleta lita 1,280, na ukiondoa inayoruka na kuvuja zinabaki kama lita 1,000. Milimita 100 za masika hujaza tangi. Shida ni kwamba mifereji ya paa ilikuwa imeoza upande mmoja na nusu ya maji hayo tulikuwa tunayamwaga kila mwaka. Kwa hiyo kitu kikubwa kabisa katika bajeti yangu hakikuwa mbegu wala majembe. Kilikuwa mfereji, shilingi 3,500 kati ya 8,600. Mzee yule alipofika hapo alisoma mara mbili, akatikisa kichwa polepole, na nikajua tumeelewana.

Kuna walioniuliza kwa nini nisitumie maji ya kisima cha kuchimba. Visima vingi vya huku vina chumvi. Unaweza kuyamwagia wiki mbili ukaona mambo ni mazuri, halafu kingo za majani zinaanza kuungua na udongo unavaa ukoko mweupe kama wa chumvi ya mezani. Ukiuona ukoko huo, acha. Udongo ulioshika chumvi hausafishiki kwa samadi, unataka mvua nyingi ya kuuosha, nayo ndiyo hatuna.

Kuhusu msimu, hapa ndipo walimu wengi hujikwaa. Vuli yetu ya Oktoba hadi Desemba huangukia likizo ndefu. Ukipanda Oktoba, mboga zinakomaa shule ikiwa tupu, na wanaovuna ni mbuzi. Masika nayo huja Aprili na kuzidi Mei, wakati muhula wa pili unafunguliwa. Basi matuta yachimbwe Machi, mbegu ziingie wiki ya kwanza ya muhula wa pili, na kila kitu kiwe kimevunwa kabla ya kufunga Agosti. Ndiyo maana niliomba kunde kwa matuta manne. Majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, huvumilia jua likirudi ghafla, na hakuna mama wa Kinango asiyejua kuipika. Matuta mawili ni mchicha. Sukuma wiki niliiacha, ingawa mwenzangu mmoja aliililia. Inakunywa sana na inashambuliwa sana.

Kwenye usalama niliandika aya moja tu, lakini ilisomwa kwa sauti. Ua wa kuzuia mbuzi ni wa matawi ya miiba kwa sasa, na nje yake wazazi wapande mnyaa. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo hakuna mwanafunzi atakayeukata wala kuupanda. Hiyo ni kazi ya watu wazima, tena kwa siku isiyo ya masomo. Hakuna dawa za dukani. Wadudu mafuta wakivamia kunde, na watavamia, tunatwanga majani ya mwarobaini, tunaloweka usiku kucha, tunachuja na kunyunyiza jioni. Na bustani haitatumika kama adhabu. Mtoto aliyechelewa asipewe jembe. Akifanywa hivyo, atajifunza kwamba kulima ni fedheha, nasi tutakuwa tumeshindwa somo kabla hatujalianza.

Narudi kwenye neno mafunzo. Barua ya kwanza iliahidi kulisha shule. Ya pili ilisema ukweli. Tukifanikiwa kupata kilo 1 ya majani kwa kila mita ya mraba, mkupuo mmoja ni kilo 36. Tuna watoto wapatao 400. Hiyo ni gramu 90 za majani mabichi kwa kila mmoja, mara moja, na yakipikwa hubaki kijiko. Mama mmoja wa kamati alicheka, akasema, "Angalau mwalimu hatudanganyi." Kinachopatikana kwenye mita 36 ni somo. Gredi ya tano wana Kilimo na Lishe, na mtaala unadai wafanye, si waandike tu. Kwa hiyo matuta mawili ya kunde yatafunikwa nyasi kavu na mawili yataachwa wazi. Kila asubuhi kundi la zamu linatia kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Ukiwa mkavu wanamwagilia, ukiwa na unyevu wanaacha, na wanaandika idadi ya mitungi. Mwisho wa muhula watakuwa na daftari linaloonyesha nyasi zimeokoa mitungi mingapi. Hesabu za eneo, ujazo na wastani zote zimo humo, na jibu ni la kwao, halimo kwenye kitabu.

Mboga zenyewe zitaingia kwenye sufuria ya shule. Hakuna kuuza, angalau muhula huu. Nilishauriwa na mwalimu mkuu kuliweka wazi, kwa sababu shilingi hamsini ikipokelewa bila risiti ya shule inaweza kuzua maneno kuliko shamba zima.

Bodi ilipitisha ombi mwezi wa tatu kwa masharti mawili ambayo sikuyaweka mimi. Kwanza, mwalimu mwingine atajwe kwenye kumbukumbu pamoja nami, ili nikihamishwa bustani isihame. Pili, alama ya nusu ya tangi ichorwe kwa rangi nyekundu upande wa nje, mahali ambapo mtoto yeyote anaweza kuiona, na ufunguo wa bomba ukae kwa mama wa jikoni, si kwangu.

Alama imechorwa. Mfereji mpya umefungwa Jumamosi iliyopita, na madebe ya samadi yaliyofika hadi jana ni 29 kati ya 36.