Moto Ulianzia Wapi?

Moto unaoanza kando ya ukuta hupanda kwanza, ndipo hutanda. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi, huinuka pamoja na moshi na kuzidi kupanuka inavyokwenda juu, hivyo ukutani hubaki alama nyembamba chini na pana juu, mfano wa herufi V. Ncha yake ya chini huonyesha kwamba pale palikuwa na kitu kikiwaka. Haithibitishi kwamba ndipo moto ulipoanzia, kwa kuwa hata pazia lililoshika moto na kuanguka huchora V yake pale lilipoangukia.

Ndiyo maana mpelelezi wa moto haanzi na mahali peusi zaidi. Huzunguka jengo kwa nje, kisha huingia kupitia upande ulioungua kidogo na kusogea kuelekea ulioteketea, akikagua joto lilikifikia kila kitu kutoka wapi. Mguu wa meza huliwa zaidi upande ulioelekea moto. Balbu ya kizamani yenye waya ndani huvimba na kutokeza upande wa joto. Dalili kumi zikielekea kona moja, kona hiyo inastahili kuchimbuliwa.

Usomaji huu una mpaka wake, na mpaka huo ulichelewa kueleweka. Moto ukiwaka ndani ya chumba, moshi hujikusanya darini. Joto la moshi huo likikaribia nyuzi 600 za Selsiasi, hushuka kama la tanuri, na karibu kila kinachoweza kuungua humo hushika moto kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo kinachokosekana chumbani ni hewa. Moto hula zaidi pale hewa inapoingilia, yaani mlangoni na dirishani, na hapo ndipo makaa huwa mazito, hata kama chanzo kilikuwa kona ya mbali. Sakafu nayo huungua mabaka mabaka kana kwamba imemwagiwa petroli.

Mwaka 1990, nyumba moja ya mtaa wa Lime, mjini Jacksonville katika jimbo la Florida, iliungua na kuua watu sita. Mwanamume wa nyumba hiyo alieleza kwamba moto ulianzia kwenye sofa sebuleni. Alishtakiwa kwa mauaji, kwani alama za sakafuni zilionekana kama za mafuta yaliyomwagwa na moto ulikuwa umeenea upesi mno. Nyumba ya jirani ilikuwa karibu sawa kabisa na ile, nayo ilikuwa tupu. Wapelelezi wa upande wa mashtaka wakaiwekea zulia na samani za aina ileile, wakawasha sofa bila tone la mafuta. Haikutimia dakika tano, sebule yote ikawa inawaka. Ulipozimwa, alama zilezile zilizomtia mtu hatiani machoni mwa wataalamu zilikuwapo sakafuni. Mashtaka yakafutwa.

Kwa hiyo, chumba kikishateketea chote, alama za ukutani pekee hazitoshi. Hulazimu kutafuta ushahidi mwingine, na mwingi wake umelala ndani ya kifusi, kwa mpangilio. Dari lililoanguka huwa juu, vilivyokuwa mezani chini yake, na zulia chini kabisa. Mpelelezi huondoa tabaka moja baada ya jingine, akipiga picha, kisha hurudisha samani zilipokuwa. Vidoa visivyoungua sakafuni humwonyesha kila mguu wa kiti uliposimama. Koleo moja la mtu mwenye haraka ya kusafisha huchanganya tabaka zote, na hakuna namna ya kuzipanga upya.

Nyaya za umeme nazo husimulia. Moto ukila ganda la waya wenye umeme, shoti huyeyusha shaba na kuacha kidonge kidogo. Shoti ikikata waya, sehemu iliyo mbele ya mkato hukosa umeme na haiwezi tena kupiga shoti. Hivyo kwenye waya mmoja, kidonge kilicho mbali zaidi na meta kwa kawaida ndicho kilichotangulia. Ushahidi huu hupotea nyaya zikivutwa na wauza vyuma chakavu. Vilevile swichi ikiguswa, au kishikio cha jiko la gesi kikizungushwa, haitajulikana tena kama kilikuwa wazi moto ulipoanza.

Wazima moto wenyewe huweza kuharibu bila kukusudia. Maji ya kasi husukuma kifusi, na matone ya petroli kutoka kwenye jenereta au msumeno wao yanaweza kuonekana maabara kama ya mchomaji. Jenereta na msumeno hujazwa mafuta nje ya eneo. Kifusi kinachoshukiwa hutiwa kwenye kopo safi la bati na kufunikwa barabara ili mvuke usitoroke, na zulia lisiloungua huchukuliwa kwingine ndani ya nyumba kwa kulinganisha, kwani zulia la nailoni na sponji yake likiungua hutoa kemikali zinazofanana na za mafuta. Chochote kilichosogezwa wakati wa kuokoa watu huandikwa: mlango upi ulivunjwa, dirisha lipi lilifunguliwa, na saa ngapi.