Dola za Mafungu: Umepata au Umepoteza?

Dola zilipoadimika Tanzania mwaka 2023 na 2024, wenye kuagiza mizigo nje walikuwa wakizikusanya kidogo kidogo, kila fungu kwa bei yake. Ugumu huja pale mzigo unapoahirishwa na mtu akaamua kuzirudisha dola sokoni. Atajuaje kama anauza kwa faida?

Tuchukue mwenye duka wa Kariakoo. Kwanza alinunua dola 1,000 kwa shilingi 2,500, akatoa 2,500,000. Baadaye akanunua dola 3,000 kwa 2,700, akatoa 8,100,000. Leo benki inanunua dola kwa 2,630. Wengi hujumlisha bei mbili, 2,500 na 2,700, wakagawa kwa mbili, wakapata 2,600. Basi huuza wakiamini kila dola imewaletea shilingi 30. Sivyo, kwa sababu dola nyingi alizonazo ni zile za bei ya juu. Anachotakiwa kujumlisha ni fedha zilizomtoka: 10,600,000. Akizigawa kwa dola zote 4,000, anapata 2,650. Akiuza dola 1,500 kwa 2,630, anapoteza shilingi 20 kwa kila moja, jumla 30,000, wakati kichwani mwake amepata 45,000.

Baada ya kuuza ndipo daftari nyingi huharibika. Mtu hupokea 3,945,000 za mauzo, akazitoa kwenye 10,600,000, akadhani salio ndilo gharama ya dola zilizobaki. Kwa njia hiyo hasara yake inajificha ndani ya dola ambazo hajaziuza, na bei yake ya wastani inapanda bila yeye kununua chochote. Kinachotolewa ni gharama ya dola zilizouzwa, yaani 1,500 mara 2,650. Zinabaki dola 2,500 zenye gharama ya 6,625,000, na wastani ni ule ule 2,650. Kuuza hakubadilishi wastani. Kununua ndiko kunakoubadilisha. Akiongeza dola 500 kwa 2,590, atakuwa na dola 3,000 zilizomgharimu 7,920,000, na wastani utashuka hadi 2,640.

Wapo wanaohesabu kwamba fungu la kwanza kununuliwa ndilo la kwanza kuuzwa. Kwa njia yao, mauzo yale yale ya dola 1,500 yangeonyesha faida ya 95,000, huku dola zote zilizobaki zikiwa zile za 2,700. Njia hiyo nayo inakubalika kihasibu. Ubaya ni kuhamahama, leo hii na kesho ile, kwa kufuata inayofurahisha.

Makato ya benki yaingize kwenye gharama ya fungu husika. Na unapopima faida, soma bei ya kununulia kwenye ubao wa duka la fedha, maana ndiyo utakayolipwa wewe. Kisha tunza kila risiti, uandike kiasi cha dola na shilingi ulizotoa siku hiyo hiyo.