Mweka hazina anapong'atuka: Barua ya makabidhiano isibebe PIN

UCHAGUZI wa klabu ukiisha, mweka hazina wa zamani huwa na haraka. Anampa mrithi wake daftari, anamnong'oneza PIN, wanapeana mkono, basi. Miezi mitatu baadaye pesa za jezi hazionekani, na hakuna ajuaye aulizwe nani.

Tuchukue mfano wa klabu ya mpira ya vijana Mishomoroni, eneo la Kisauni. Klabu ina akaunti ya benki, namba ya tili ya Lipa na M-Pesa wanayotumia wachezaji kulipa ada, kijisanduku cha taslimu, na barua pepe moja. Mweka hazina anayeondoka ameandika barua ya ukurasa mmoja. Mrithi anaisoma, anaigeuza nyuma, kisha anauliza:

"Kaka, mbona PIN hukuziandika humu?"

"Hizo haziandikwi. Humo nimekuandikia kilichopo na namna kitakavyobadilishwa."

Na hapo ndipo ilipo siri ya barua nzuri. Barua hii hutolewa nakala, husomwa kikaoni na kuwekwa kwenye faili la katibu. PIN ikiwa ndani yake, si siri tena.

Inaanza na pesa: "Kufikia Juni 30, benki ina Sh64,300, tili Sh8,750, taslimu Sh1,200. Jumla Sh74,250." Kila kiasi kina ushahidi wake: taarifa ya benki, salio la tili lililosomwa mbele ya mwenyekiti, na noti zilizohesabiwa mezani. Lakini daftari linasema Sh74,950. Barua haifichi: "Pungufu Sh700, alilipwa refa bila risiti." Mstari huo unamlinda mrithi. Usipoandikwa leo, kesho pengo litakuwa lake.

Kisha inafuata orodha ya kubadilisha, na mpangilio wake una maana.

Ya kwanza ni barua pepe. Ukisahau paswadi ya huduma nyingine, kiungo cha kuibadilisha hutumwa huko. Kwa hivyo aliye na barua pepe anaweza kuvirudisha vingi mikononi mwake. Mrithi mwenyewe ndiye anayeandika paswadi mpya, mwenzake akitazama pembeni. Wengi huishia hapo na hukosea. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti bado ni ya yule wa zamani, na simu yake huenda bado imo kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia. Ingia sehemu ya usalama, weka namba mpya, ondoa kifaa cha zamani. Namba ya kuthibitisha ikiendelea kutumwa kwa aliyeondoka, jueni makabidhiano hayajaisha.

Ya pili ni tili. Tili huendeshwa kupitia namba ya simu iliyosajiliwa nayo, kwa hivyo kubadilisha PIN pekee hakutoshi. Viongozi huomba kwa mtoa huduma namba hiyo ibadilishwe, wakiwa na barua na vitambulisho. Na kama ada zilikuwa zikitumwa kwa laini ya mtu binafsi, hiyo haikabidhiwi kamwe, kwa sababu imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Salio lihamishwe kwenye akaunti ya klabu, na wanachama waambiwe wasitume tena huko. Jaribio ni rahisi: tumeni Sh10 kwenye tili muone ujumbe unaingia simu ya nani.

Ya mwisho ni benki, maana ndiyo hukawia zaidi. Benki haibadilishi watia saini kwa maneno. Itataka kumbukumbu za kikao kilichomchagua mweka hazina mpya, zikiwa zimetiwa saini, pamoja na vitambulisho na stakabadhi nyingine itakazotaja. Mpaka ithibitishe, saini ya zamani bado inafanya kazi. Ndiyo maana barua yetu inasema: "Hadi benki ithibitishe, sitatia saini malipo yoyote ila yaliyopitishwa na kikao." Na kama kuna huduma ya benki kwa simu, mrithi asirithi paswadi. Benki imfute wa zamani, imsajili mpya.

Kuna mtego mmoja wa jina. PIN ya KRA ya kikundi ni namba ya utambulisho wa kodi, kwa hivyo inaandikwa kwenye barua bila hofu. Siri ni paswadi ya akaunti ya iTax. PIN ya M-Pesa ndiyo isiyoandikwa popote.

Mwisho wa barua kuna saini tatu: anayetoa, anayepokea, na mwenyekiti kama shahidi. Mbele ya kila akaunti kuna nafasi ya tarehe ambayo mabadiliko yalikamilika. Nafasi ya benki bado iko wazi.

"Ukiniona bado nashika simu ya klabu wiki mbili zijazo," anamwambia mrithi wake, "nidai."