Kituo Kipya Kiko Mbezi Ipi?

Mfanyabiashara wa viatu wa Kariakoo anayeuza kwa simu huchoka na swali moja kila siku: "Mnaleta mpaka Kibamba?" Bodaboda ya huko huongeza bei ya kiatu hadi mteja akaghairi. Basi anapanga kona ndani ya duka la mtu Mbezi Mwisho, anaweka rafu, na wateja wa Kimara, Temboni, Mbezi, Kibamba na Kiluvya watachukulia mizigo yao hapo. Kupata rafu si kazi. Kazi ni kuwaambia wateja.

Matangazo mengi ya aina hii huanza kwa "tuna furaha kubwa" na kumaliza kwa maua. Mteja aliyekwisha kulipa hana haja na furaha ya muuzaji. Anataka kujua viatu vyake viko wapi na avifuate saa ngapi.

Kwanza, mahali. Dar es Salaam ina Mbezi zaidi ya moja. Anayesoma "Mbezi" akiwa Tegeta atafikiria Mbezi Beach, kwenye barabara ya Bagamoyo, kumbe kituo kiko barabara ya Morogoro, jirani na stendi ya mabasi ya Magufuli. Kosa hilo linamgharimu mtu nauli na nusu siku. Tangazo litaje upande wa barabara pia. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha barabara ilipanuliwa ikawa na njia nane, na kuivuka ukiwa umebeba mtoto si jambo la kupuuza.

Saa nazo zina mtego wake. Ukiandika "9:00 – 1:00", mmoja atasoma saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana kama simu yake inavyoonyesha, mwingine atasoma saa tisa hadi saa moja. Andika "saa 3 asubuhi hadi saa 1 usiku", na usiliache neno asubuhi wala usiku hata kama nafasi ni finyu. Kisha jiulize kama saa hizo zinamfaa mteja. Wengi wa Kibamba hufanya kazi mjini na hushuka Mbezi jua likiwa limezama. Kituo kinachofungwa saa 11 jioni hakiwafai, hata kiwe karibu namna gani.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni safari ya mzigo wenyewe. Tuseme gari la mizigo hutoka Kariakoo saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na oda hufungwa saa 8 mchana ili kupata muda wa kufunga na kuandika majina. Aliyeagiza Alhamisi saa 5 asubuhi, mzigo wake unaondoka jioni ile, unapangwa rafuni, na Ijumaa asubuhi anapata ujumbe kwamba umefika. Aliyeagiza Alhamisi saa 9 alasiri anasubiri gari la Ijumaa, anachukua Jumamosi. Aliyeagiza Ijumaa saa 9 hana gari mpaka Jumatatu, hivyo atachukua Jumanne. Huyu wa mwisho ndiye atakayepiga simu kwa hasira asipoambiwa mapema.

Oda za zamani nazo zinahitaji kauli. Njia rahisi ni kuweka tarehe: zilizolipiwa kabla yake zinabaki Kariakoo isipokuwa mwenyewe aombe zihamishwe, za baada yake, kwa maeneo yaliyotajwa, zinakwenda Mbezi bila kuuliza. Bila kauli hiyo watu watapanga foleni Mbezi kwa mizigo ambayo bado iko Kariakoo.

Muuzaji anayetegemea orodha ya matangazo ya WhatsApp ajue kwamba ujumbe humfikia tu mteja aliyehifadhi namba yake. Wengine wote hawaoni kitu, nao hawajui kwamba hawajaona. Hao watumiwe SMS ya kawaida, yenye herufi zisizozidi 160 ili isihesabiwe kama mbili. Tena iwe bila vikaragosi: kimoja tu hushusha kikomo hadi 70. Hii inatosha:

"Kituo kipya cha kuchukulia mzigo: Mbezi Mwisho (njia ya Morogoro, SI Mbezi Beach). Jtatu-Jmosi saa 3 asubuhi-saa 1 usiku. Njoo ukipata SMS ya MZIGO UMEFIKA."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayookoa siku, kwa sababu wateja wengi huchukulia uthibitisho wa malipo kuwa ruhusa ya kuja. Ujumbe wa pili ndio ubebe namba ya mzigo, ambayo hata kaka aliyetumwa ataitaja pale rafuni, pamoja na siku ambazo mzigo utakaa kabla ya kurudishwa Kariakoo.

Wiki ya kwanza, mhudumu wa simu aandike maswali yanayojirudia. Wakiuliza "kiko upande gani?" mara kwa mara, maelezo ya mahali yaandikwe upya. Wakiuliza "mbona bado?", ni saa ya kufunga oda ambayo haikueleweka.