Je, Wajua? Seli inaweza kukaribia kuisha huku volti zake zikiwa zimeshuka kidogo tu

Chukua seli ya Daniell: bamba la zinki ndani ya zinki salfeti, bamba la shaba ndani ya kopa salfeti. Kila mmumunyo ukiwa na moli 1 kwa lita, kwenye nyuzijoto 25, seli hutoa volti 1.10. Inapofanya kazi, zinki huyeyuka na ayoni za shaba huganda kwenye bamba la shaba, hivyo ayoni za zinki huongezeka na za shaba hupungua. Mjerumani Walther Nernst alionyesha mwaka 1889 jinsi ya kukadiria athari ya mabadiliko hayo kwa volti:

E = 1.10 − 0.0296 × log([Zn²⁺]/[Cu²⁺])

Tuseme asilimia 90 ya ayoni za shaba zimetumika. Zinki sasa ni 1.9, shaba 0.1, uwiano ni 19, na logi yake ni 1.28. Volti: 1.06. Zikitumika asilimia 99.9, uwiano hufika karibu 2,000, na bado unasoma volti 1.00!

Mbona basi taa hufifia? Kanuni hii huhesabu seli isiyotoa mkondo. Ukiwasha taa, ayoni chache zilizobaki hazifiki kwenye bamba kwa kasi inayotakiwa, na ukinzani wa ndani nao hula sehemu ya volti. Ndiyo maana fundi makini hapimi betri ikiwa imekaa bure. Huipima ikiwa imebeba mzigo, na iliyochoka huporomoka papo hapo.