Mita 107 za Mraba Zilikwenda Wapi?

Mzee wangu,

Nimepata ujumbe wako kupitia kwa mwanao. Unasema ulizunguka kiwanja chako cha hapa Lushoto kwa futikamba, ukapiga hesabu na kupata mita za mraba 1,197. Ramani yangu ya upimaji inaonyesha 1,090. Unataka kujua mita 107 zimekwenda wapi, na kama jirani amekumega. Swali hilo ni haki yako kabisa, maana eneo hilo ndilo litakaloandikwa kwenye hati, na ndilo utakalolipia pango la ardhi kila mwaka. Nitakujibu kwa hesabu yenyewe, ili ukitaka kunihakiki uweze.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa mpaka. Bikoni zako nne ziko palepale zilipochimbiwa. Tuziite A, B, C na D. A iko chini upande wa magharibi, karibu na njia. B iko juu yake, mlimani. C iko juu upande wa mashariki, na D iko chini yake, tukirudi njiani. Jirani hajagusa kitu. Mita zako 107 hazikuwahi kuwapo ardhini. Zilizaliwa kwenye hesabu, na zilizaliwa mara mbili.

Vipimo vyako ninavyo: A hadi B mita 29.60, B hadi C 35.47, C hadi D 37.32, na D kurudi A 36.06. Futikamba yako haina kosa, nami nisingeibishia. Kisha ukafanya kama wengi wanavyofanya: ukachukua wastani wa pande mbili zinazotazamana, 29.60 na 37.32, ukapata 33.46, ukachukua wastani wa zile nyingine mbili, ukapata 35.77 kasoro kidogo, ukazidisha. Ndiyo 1,197 yako.

Tuanze na mlima. Upande wa A hadi B unapanda mita 7.5, na ule wa D hadi C unapanda mita 9. Uliilaza futikamba juu ya udongo, kwa hiyo ulipima urefu wa mteremko. Eneo linaloandikwa kwenye ramani na kwenye hati ni la usawa, yaani lile ambalo kiwanja kingeonekana nalo kama ungekitazama kutoka juu moja kwa moja. Kwa usawa, upande wako wa A hadi B una mita 28.64 badala ya 29.60, na ule wa C hadi D una 36.22 badala ya 37.32. Pande za juu na za chini hazikubadilika sana, kwa sababu zinakwenda sambamba na mlima: moja ni 35.44, nyingine 36.06.

Najua unaweza kuniuliza kwa nini udongo wako ulionao mkononi usihesabiwe wote. Fikiria tu kuhusu matuta unayotaka kuchimba mwakani. Ukikata mlima ukaufanya ngazi, sura ya udongo itabadilika yote, na eneo la mteremko litabadilika nalo. Je, kiwanja chako kitakuwa kimekua au kimepungua? Kuta za nyumba husimama wima kwa timazi, na mahindi huota kuelekea juu hata kama shamba limelala ubavu, hivyo nafasi ya kujengea na kupandia ni ile ya usawa. Tena viwanja vya mlima mzima vinapaswa kukaa pamoja kwenye ramani moja iliyo bapa bila kimoja kupanda juu ya kingine. Hilo haliwezekani kila mtu akihesabu mteremko wake.

Sasa rudia hesabu yako ileile ya wastani ukitumia vipimo vya usawa. Utapata 1,159. Kwa hiyo mlima peke yake ulikuongezea mita za mraba 38. Zimebaki 69, na hizo hazihusiani na mlima hata kidogo. Zingekuwapo hata kama kiwanja chako kingekuwa Dodoma kwenye tambarare.

Hizi 69 zinatokana na pembe. Chukua mbao nne ndefu, uzipigilie misumari mmojammoja kwenye ncha ili upate fremu, kisha uisukume kona moja. Fremu italala upande. Mbao hazijafupika, lakini nafasi ya ndani imepungua, na ukiendelea kusukuma itakaribia kwisha. Maana yake ni kwamba urefu wa pande nne hauwezi peke yake kukuambia eneo. Vipimo vilevile vinne vinaweza kubeba maeneo mengi tofauti. Njia ya wastani inachukulia kwamba kila kona ni ya mraba, nyuzi 90. Kiwanja chako hakina kona hata moja ya namna hiyo: kwenye A kuna nyuzi 75 hivi, B 118, C 67, na D karibu 100. Na jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa ardhi alijue ni kwamba njia hii haikosei huku na huku. Kwenye kiwanja cha pande nne, kila kona zinapoacha kuwa za mraba inazidisha, haipunguzi kamwe. Ndiyo maana muuzaji huipenda.

Basi mimi nilifanyaje? Nilisimamisha kifaa kinachopima pembe na umbali kwa pamoja, kijana wangu akasimamisha kioo juu ya kila bikoni. Kifaa hurusha mwali hadi kwenye kioo, ukarudi, kikajua umbali wa mteremko. Kwa kuwa kinasoma pia pembe ya kupanda au kushuka, kinatoa umbali wa usawa papo hapo. Kutoka hapo kila bikoni ilipata anwani yake: iko mita ngapi mashariki na mita ngapi kaskazini. Kwenye ramani utaziona namba ndefu za tarakimu sita na saba, kwa sababu zinahesabiwa kutoka mbali, kwenye mfumo unaotumika nchi nzima. Kwa barua hii nimeondoa ile sehemu ndefu inayofanana na kuifanya A kuwa mwanzo.

Basi A iko 0 mashariki, 0 kaskazini. B iko 6 mashariki na 28 kaskazini. C iko 40 mashariki na 38 kaskazini. D iko 36 mashariki na 2 kaskazini. Nimezikaribisha kwenye mita kamili ili ufuatilie bila taabu.

Sasa chora mstari kwenye karatasi unaopita A kwenda mashariki moja kwa moja. Huo ndio msingi wetu, na kiwanja chote kiko juu yake. Chini ya kila upande wa kiwanja, hadi kwenye msingi, kuna kipande ambacho eneo lake ni rahisi: upana wake wa kwenda mashariki, mara wastani wa vimo vyake viwili. Tukitoka A kwenda B tunasogea mashariki mita 6, na kimo kinatoka 0 hadi 28, wastani 14. Sita mara 14 ni 84. Kutoka B kwenda C tunasogea mita 34, vimo ni 28 na 38, wastani 33, tunapata 1,122. Tukiishia hapo tungekuwa tumehesabu kiwanja pamoja na ardhi isiyo yako iliyo kati yake na msingi. Ndipo safari ya kurudi inapofanya kazi yake. C kwenda D tunarudi magharibi mita 4 kwa wastani wa kimo 20, hivyo tunatoa 80. D kwenda A tunarudi mita 36 kwa wastani wa kimo 1, tunatoa 36. Themanini na nne kujumlisha 1,122, kutoa 80, kutoa 36: 1,090.

Hakuna kingine kilichofichwa kwenye kompyuta yangu. Kiwanja kikiwa na kona kumi na mbili ni vilevile, hatua zinaongezeka tu. Na njia hii haitaki kona za mraba wala haijali umbo, mradi uzunguke kona kwa mpangilio bila kuruka moja. Ukivuruga mpangilio, mistari hukatana na jibu huwa upuuzi.

Kuna alama mbili ninazoziangalia kabla sijaamini jibu langu. Pembe nne za ndani lazima zifike nyuzi 360. Tena, nikianza A na kuzunguka hadi nirudi A, mwendo wa mashariki na wa magharibi lazima ufutane, na wa kaskazini na wa kusini vivyo hivyo. Kazini haufutani kabisa. Kwako nilibaki na sentimita 2 kwenye mzunguko wa mita 136, jambo la kawaida. Ningebaki na nusu mita, nisingeandika hesabu, ningerudi mlimani. Fahamu pia kwamba kila bikoni ikikosewa sentimita moja, eneo linaweza kusogea karibu nusu mita ya mraba. Kwa hiyo mtu akikupa eneo la kiwanja kama hiki lenye tarakimu tatu baada ya nukta, tarakimu hizo usizihesabu.

Ukitaka kunihakiki bila kifaa, inawezekana. Funga kamba kutoka bikoni B hadi D, ule ulalo wa kiwanja. Upime kwa usawa: shika futikamba ikae sawa kwa pimamaji, vipande vifupi vifupi kushuka mlima, na timazi ikuonyeshe chini pa kuanzia kipande kinachofuata. Utapata mita 39.70 hivi. Kisha kutoka bikoni A tafuta umbali mfupi kuliko wote hadi kwenye kamba, nao kwa usawa. Utakuta karibu 25.09. Fanya hivyo kutoka C, utakuta karibu 29.82. Jumlisha hizo mbili, zidisha kwa nusu ya ulalo. Kwa futikamba kwenye mteremko usitegemee kufika 1,090 kamili, lakini ukipata kati ya 1,080 na 1,100 ujue tunazungumza kiwanja kimoja. Ukipata zaidi ya hapo nijulishe, tupime pamoja.

Mwanao ameniambia pia kwamba unataka kununua shamba la juu, na muuzaji anasema ni ekari moja, hatua 70 kwa 70. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ili hatua 70 kwa 70 zifike hapo, kila hatua lazima iwe na sentimita 91, na shamba liwe mraba kamili. Kwa hatua ya kawaida ya sentimita 75, hata kwenye tambarare, utapata 2,756 tu, yaani umepungukiwa karibu theluthi. Shamba lile lina mteremko mkali kuliko wako na kona moja iliyochongoka. Usilipe kwa hatua. Mwambie muuzaji mkubaliane bei ya kila mita ya mraba, mwoneshane kona mbele ya majirani na viongozi wa kijiji, kisha lipimwe, na malipo yafuate eneo litakalopatikana.

Wako katika kazi,
Mpima ardhi wako